Nimekosea jina kwenye maelezo ya picha, nimeshahariri. Niandike masahihisho au ninyamaze?

Mpigapicha wa Jinja
Habari za asubuhi wakubwa. Naomba ushauri wa haraka. Nina ukurasa wangu wa Facebook wa kazi za picha, na jana jioni niliweka picha ya mtu nikakosea jina kwenye maelezo. Kosa dogo tu, haraka ya kazi. Kufika saa 5 usiku nimehariri, jina sasa liko sawa. Swali langu: niongeze mstari wa kusema nilikosea, au nikiongeza ndiyo nawaamsha waliolala? Sitaki makelele. Usingizi umenipita tangu jana.

Boda wa Mbale
Kosa dogo halafu hulali? Hilo kosa lina miguu.

Kijana wa Arua
Kaka, umeshahariri, umemaliza. Ukihariri, hata waliosambaza posti yako wanaona maneno mapya, kwa sababu posti yao inavuta kutoka kwako. Hakuna atakayejua. Lala.

Nnalongo Mpole
Kurekebisha jina ni safari ndefu, mwanangu. Mimi la kwangu lilikosewa herufi moja kwenye kitambulisho, nikaenda NIRA mara nne. Beba kiapo cha wakili na cheti cha ubatizo, na uwahi asubuhi, foleni ni ndefu.

Mhariri Mstaafu
Kijana wa Arua amesema kweli nusu. Posti iliyosambazwa inabadilika, ndiyo. Lakini kwenye Facebook mtu akibonyeza vile vidoti vitatu akachagua "View edit history" anaona maneno ya kwanza na ya pili, moja chini ya lingine. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo: ukihariri, aliyekwisha kusoma haletewi taarifa. Aliyesoma saa 1 jioni akazima simu, kichwani mwake bado kuna jina la kwanza.

Kwa hiyo mwandishi wa uzi, kabla sijakujibu: ilikuwa picha ya nini? Na hilo jina ulilokosea ni jina tu, au ni la mtu fulani?

Mjukuu wa Katwe
Mzee amenikumbusha yangu. Niliweka picha ya babu, umati umejipanga barabarani kumpokea Kabaka Mutesa, nikaandika 1953. Mzee mmoja akaandika chini: "1953 ndiyo alipelekwa uhamishoni, mwezi wa kumi na moja. Alirudi Oktoba 1955." Nikaona aibu, nikafuta 53 nikaweka 55 kimya kimya. Kesho yake vijana wanamcheka yule mzee: "Mzee vaa miwani, imeandikwa 1955!" Mtu aliyenisaidia ndiye akaonekana mjinga mbele ya watu. Ilibidi niongeze mstari mwishoni: "Mwaka umesahihishwa, asante kwa mzee aliyetukumbusha." Maneno sita, na kicheko kikaisha.

Mpigapicha wa Jinja
Asanteni. Mhariri, ilikuwa tanzia. Familia ni wateja wangu, ya upande wa Iganga. Jina nililoandika ni la ndugu wa marehemu.

Mhariri Mstaafu
Ndugu aliyekwisha fariki, au aliye hai?

Mpigapicha wa Jinja
Yu hai. Ni pacha wake. Niwaite Wasswa na Kato. Aliyefariki ni Wasswa, mimi nikaandika "Buriani Kato".

Lakini jamani tusikuze. Chanzo kinaeleweka: picha niliitoa kwenye flashi, faili limeandikwa "Kato harusi 2019", mkono ukafuata jina la faili. Na nilirekebisha ndani ya saa nne.

Boda wa Mbale
Banange! Umemzika mtu mzima mzima, unauliza kama ni dogo.

Hajati wa Bombo
Hii ndiyo shida yenu vijana. Maiti haijaoshwa, picha imeshafika mitandaoni. Zamani habari ya msiba ililetwa na mtu kwa miguu, akiingia anavua viatu, anakaa, anapewa maji, ndipo anasema. Hakukosea jina kwa sababu alikuwa ametoka kulia nao.

Mjukuu wa Katwe
Na kwetu Buganda pacha hasemwi amekufa, husemwa ameruka. Sasa wewe umemrusha aliyebaki.

Mhariri Mstaafu
Saa nne za jioni ya Jumamosi ni nyingi. Komenti za chini zinasemaje? Na kwenye WhatsApp ulituma?

Mpigapicha wa Jinja
Komenti kama mia na kitu. Nyingi "Pumzika Kato", "Kato tutakukumbuka". Tatu zilikuwa zinasema nimekosea, hizo nilizifuta, maana nilikuwa nimeshahariri na zilikuwa zinaleta mabishano. Sioni kosa hapo, ni ukurasa wangu. WhatsApp nilituma kwenye magrupu mawili, picha ileile na maneno yaleyale.

Mhariri Mstaafu
Sasa tunaongea. Nilikaa meza ya kusahihisha gazetini miaka mingi, na tanzia ndiyo ilikuwa inatutoa jasho kuliko siasa. Nikwambie nilivyozoea.

Herufi ikikosewa, "Okelo" badala ya "Okello", unarekebisha na kuendelea na kazi. Ukiandika masahihisho unachosha watu. Tarehe ya picha ya zamani, fanya kama Mjukuu wa Katwe, mstari mmoja mwishoni. Lakini kosa likimgusa mtu mwingine, au likiwafanya watu watende jambo, kama kumpigia mjane asiye mjane, kuhariri kimya hakutoshi. Sasa hivi ukurasa wako unasema Wasswa juu, na watu mia wanamlilia Kato chini. Mgeni akifungua atadhani hao mia ndio wamechanganyikiwa. Na wale watatu waliokuwa sahihi umewaondoa.

Masahihisho yenyewe yawe mafupi, yakae juu kabisa ya maelezo, siyo chini ambako Facebook huyaficha nyuma ya "See more". Kitu kama hiki:

"Masahihisho, Jumapili asubuhi: Aliyefariki ni Wasswa. Jana jioni tuliandika kimakosa jina la pacha wake Kato, ambaye yu hai. Tunamwomba radhi yeye na familia."

Basi. Usieleze flashi, usieleze usingizi, usiseme mtandao ulisumbua. Kila sentensi ya kujitetea inafanya msiba uwe wako.

WhatsApp ni habari nyingine. Kuhariri ujumbe mwisho ni dakika 15, zimeshapita. Nafasi ya "Delete for everyone" bado ipo, inakwenda kama siku mbili, kwa hiyo futa leo ili isiendelee kusambazwa kutoka kwako. Nakala ambazo watu wamekwisha zituma mbele huzigusi tena. Ndiyo maana utatuma mpya na kuwaomba: mliyempelekea ile ya jana, mpelekeeni na hii.

Ila kabla ya yote hayo, piga simu kwa familia. Mara mbili nimeona sahihisho likakosewa kuliko kosa lenyewe.

Kijana wa Arua
Mzee nakuheshimu, lakini kuandika tena jina la Kato kwenye tanzia si unalirudisha? Mimi ningeandika "jina la ndugu" tu.

Mhariri Mstaafu
Kwa kawaida ningekuunga mkono, kosa halirudiwi. Lakini hapa aliyesoma kwamba Kato amefariki anahitaji kusikia Kato yu hai. "Jina la ndugu" halimwondolei msiba. Najua wapo wahariri wanaokataa.

Kijana wa Arua
Bado sijakubali. Kama mimi ndiye Kato, nisingetaka.

Msoga Halisi
Ngojeni kidogo. Mimi nimelelewa Iganga. Huko pacha wa kiume ni Waiswa na Tenywa. Wasswa na Kato ni wa Buganda. Huyu mtu anatunga hadithi, akakosea hata kabila la majina! Uzi wa kukosea jina, na mwenye uzi amekosea majina. Mmeliwa.

Boda wa Mbale
Hahaha, aandike masahihisho juu kabisa ya uzi.

Hajati wa Bombo
Kumbe nimesoma yote haya bure, na chai yangu imepoa.

Mpigapicha wa Jinja
Msoga, nilisema "niwaite". Nimewaficha. Ulitaka niandike majina yao ya kweli hapa?

Msoga Halisi
Weka picha ya skrini tuone hizo komenti mia, ziba sura.

Mhariri Mstaafu
Asiweke. Iwe kweli au hadithi, picha ya skrini ya kosa ndiyo inayoishi kuliko kosa. Posti unaweza kuifuta, skrini huifuti. Swali ni lilelile: umepiga simu?

Mpigapicha wa Jinja
Sijapiga. Naogopa. Nilitaka kwanza niweke maneno sawa, nipige nikiwa na kitu cha kuonesha.

Nnalongo Mpole
Piga mwanangu. Mwenye msiba hakasiriki kama unavyodhani, hana nguvu hizo.

Mpigapicha wa Jinja
Nimerudi. Nimempigia "Kato" mwenyewe. Alipokea mlio wa kwanza, sauti imekauka, tangu alfajiri anapokea simu za watu wanaotaka kuhakikisha. Nikamwomba radhi, nikamwambia jina nimeshalirekebisha. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Picha umeiona vizuri?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Hiyo ni mimi. Ilikuwa harusi yangu."

Faili lilikuwa sahihi. Jina la kwanza ndilo lilikuwa la picha. Nilichokosea ni picha yenyewe, na nilipohariri nimeweka jina la marehemu chini ya uso wa aliye hai.

Msoga Halisi
Sasa ndiyo nimehakikisha ni hadithi. Hakuna mpigapicha asiyejua sura ya mteja wake.

Mjukuu wa Katwe
Msoga, pacha. PACHA.

Mhariri Mstaafu
Basi yale maneno niliyokuandikia usiyatumie, nilisahihisha kitu nisichokiona. Kuhariri maelezo hakuwezi kusaidia tena, kwa sababu uso ndio wenye kosa. Futa posti yote. Waliosambaza watabaki na kisanduku kinachosema haipatikani, sawa, afadhali hivyo. Iombe familia picha waliyoichagua wao, wakutajie jina wakiitazama, usitafute tena kwenye flashi. Weka mpya, na mstari mmoja juu: "Picha tuliyoweka jana haikuwa ya marehemu. Tunaiomba radhi familia." Hapo jina la Kato halina haja ya kutajwa, Kijana wa Arua ameshinda.

Kijana wa Arua
Nimeshinda kwa bahati, lakini nachukua.

Mpigapicha wa Jinja
Nimefuta. Dada yao ananitumia picha jioni. Na wale watatu niliowafutia komenti, mmoja ameniandikia faraghani: alikuwa anasema "picha siyo", hakuwa anasema "jina siyo". Sikumsoma hadi mwisho.

Nnalongo Mpole
Pole sana. Ila na kile kitambulisho usikiache, nenda Jumatatu mapema.