Apu inasema niko na laki na nusu kasoro, jaribu kuuza uone vituko

Wasee wa hisa niko na hasira leo sitaficha. Niko na shea 6,000 za kampuni moja ndogo pale NSE, soko la hisa la Nairobi, jina siweki hapa maanake zote hizo ndogo zinafanana tu. Kila asubuhi nikifungua apu ya broka inaniambia bei 24, jumla 144,000. Haya, nikasema niuze nilipie simiti ya duka langu hapa Kondele. Nikaweka zote kwa 24 saa tatu na nusu soko likifungua, nikangoja mpaka saa tisa, hakuna hata moja imeenda. Kesho yake oda haipo! Imepotea tu, hakuna meseji hakuna nini. Napigia kastama kea naambiwa "hiyo ilikuwa oda ya siku bwana, ikifika saa tisa inakufa". Sasa mbona hamkusema?? Naweka tena, inakufa tena. Yule kijana aliyenifungulia akaunti ya CDSC ya kuwekea hisa aliniapia ati hisa unauza saa yoyote pesa inaingia siku ya tatu ya kazi. Siku ya tatu baada ya nini kama hakuna mtu ananunua? Hii 144,000 ni pesa ama ni picha ya pesa? Nkt.

NyalendaBoy
Pole mkubwa. Dawa ni moja, punguza bei. Hakuna kitu haiuziki, ni bei tu. Weka oda ya soko bila bei, itachukua yeyote aliyeko. Mimi Safaricom nikiuza ni sekunde, sijawahi ngoja.

mwenye uzi
@NyalendaBoy Safaricom na hii yangu ni vitu viwili, kaka.

Mzee wa Section 58
Kijana wa Nyalenda umesema nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo itamuumiza mwenzako. Ndugu wa Kondele, usibonyeze chochote kabla ya kumuuliza broka akusomee foleni ya wanunuzi. Bei peke yake haitoshi, akwambie kila bei ina shea ngapi.

mwenye uzi
Nimempigia saa hii mzee wangu, shikamoo. Amenisomea hivi: kuna anayetaka 200 kwa 23, mwingine 500 kwa 22, mwingine 300 kwa 21.80. Basi. Chini ya hapo hakuna kitu. Nimeuliza hiyo 24 inatoka wapi, ati wiki ya juzi kuna mtu alinunua shea 100. Mia moja tu!!

Mzee wa Section 58
Marahaba. Sasa piga hesabu na mimi. Ukiweka oda ya soko ya 6,000, 200 zinaenda kwa 23, hiyo ni 4,600. 500 kwa 22, hiyo ni 11,000. 300 kwa 21.80, hiyo ni 6,540. Umeuza shea 1,000 umepata 22,140, toa kamisheni na ada zingine karibu asilimia 2. Zilizobaki 5,000 ziko pale pale, na foleni umeimaliza wewe mwenyewe.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaoni. Bei ya kufunga ya siku hutokana na wastani wa biashara iliyofanyika siku hiyo, na kama ni wewe peke yako umeuza, wastani ni wako, 22.14. Kesho apu itazipigia hesabu zile 5,000 kwa bei hiyo, yaani umejishushia mwenyewe zaidi ya shilingi 9,000. Na kwa vile bei inaruhusiwa kusonga asilimia 10 tu kwa siku kutoka pale ilipofunga, leo huwezi kuuza chini ya 21.60 lakini kesho mlango unafunguka mpaka karibu 20. Wanunuzi wa hisa za kampuni ndogo kama hii wanalijua hili. Wakiona mtu ana haraka wanarudi nyuma wanamngoja chini.

MamaKibuye
Hata mimi nimeteseka na hisa aki. Niko na hisa kwa sacco yetu, nimeomba kutoka naambiwa ningoje siku 60 halafu ati pesa ya hisa hairudi, nitafute memba mwingine nimuuzie. Huyo broka wenu anaweza niuzia?

Mzee wa Section 58
Mama, hizo ni tofauti, broka wa NSE hawezi kuzigusa. Siku 60 ni za akiba yako, hiyo utarudishiwa kama hudaiwi na hujamdhamini mtu. Hisa za sacco ndizo unamhamishia memba mwenzako. Uliza ofisini kama wana orodha ya wanaotaka kununua.

NyalendaBoy
Sasa si na huyu afanye hivyo hivyo, atafute mtu Kisumu hapa wauziane kando kwa 24, waandikiane.

Mzee wa Section 58
Hapana. Hisa iliyoorodheshwa haiuzwi kando namna hiyo. Kuhamisha nje ya soko ni kwa mambo machache kama urithi au kumpa mtoto. Akipata mnunuzi, huyo mnunuzi naye aweke oda yake sokoni kwa 24, wakutane hapo. Ila kama kuna muuzaji mwingine kwa 24 ametangulia, au anataka chini ya hapo, yeye ndiye atauza kwanza. Ndiyo maana oda ya siku inakuumiza, kila asubuhi unaenda mwisho wa foleni. Mwambie broka aiweke ya muda mrefu.

BungomaKwaSimu
Mimi nauliza, kwani wenye hisa zingine wako wapi? Kampuni ina mamilioni ya shea!

Mzee wa Section 58
Mwenye kampuni anashikilia nyingi na hauzi. Wengine ni wazee walionunua zamani, wakafa, na watoto hawajaenda kortini kufuatilia mirathi. Zinazotembea ni kidogo sana. Kwa hiyo kabla ya kununua usiangalie bei peke yake, angalia safu ya idadi ya shea zilizouzwa kwa miezi kadhaa. Kama ni 300 kwa siku ya kawaida, na wewe usitake kuchukua zaidi ya theluthi ndiyo usivuruge bei, hiyo ni 100 kwa siku. Shea 6,000 ni siku 60 za soko, karibu miezi mitatu. Na hiyo ni kama hisa yenyewe haijasimamishwa sokoni, maana hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 zikarudi Januari 2025, muda wote huo huuzi hata kwa bei ya bure.

mwenye uzi
Miezi mitatu na mwenye simiti anataka pesa Ijumaa. Sawa, nimeweka 200 kwa 23 zimeenda, zingine 800 nimeziacha kwa 23.20 mpaka mwisho wa mwezi, hizo zingine sizionyeshi mtu. Lakini hasira iko pale pale. Hawa wa apu wanajua foleni iko vipi, wanaona kila kitu, mbona wananiandikia 144,000 kwa herufi kubwa za kijani? Waandike ile bei mtu yuko tayari kulipa leo.

BungomaKwaSimu
Na siku hakuna mnunuzi hata mmoja waandike ngapi, sufuri? Utalala hiyo siku?

mwenye uzi
Waandike sufuri. Afadhali.