Naomba ushauri: vidole vinachanganya 7 na 1 kwenye kibodi

Hamjambo wenzangu. Mimi ni keshia katika duka la jumla hapa Kisumu, na naomba msaada wa wenye uzoefu.

Tangu mwezi jana najifunza kuingiza tarakimu bila kutazama vitufe. Kidole cha shahada nakiweka kwenye 4, cha kati kwenye 5 yenye kile kinundu, cha pete kwenye 6, gumba kwenye 0 na cha mwisho kwenye Enta. Asubuhi naenda vizuri kabisa. Shida huanza nikishaingiza malipo mengi ya M-Pesa kwenye simu, kwa sababu simu ina 1, 2, 3 juu, ilhali kibodi ya kompyuta ina 7, 8, 9 juu. Nikirudi kwenye kompyuta, mkono bado unafuata simu.

Juzi risiti ya 3,480 niliiingiza 9,420. Mstari wa kati haukuguswa, 4 ilibaki 4, lakini 3 ikawa 9 na 8 ikawa 2. Jioni hesabu ilizidi kwa 5,940, na nilitafuta kosa karibu saa nzima.

Nimejaribu kupunguza kasi, na kupapasa kinundu cha 5 kabla ya kila risiti. Makosa yamepungua, ila foleni inarefuka.

Je, simu niitumie kwa mkono wa kushoto tu, ili wa kulia ujue kompyuta peke yake? Na mnafanya zoezi gani kuzoesha safu ya juu na ya chini? Asanteni sana.