Fomu ya mafunzo imetufuta majina, halafu tunaambiwa hatukujiandikisha

Mkulima wa Hombolo
Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na ninaomba msome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Sisi wakulima wa zabibu wa huku Hombolo tulialikwa kwenye mafunzo ya upogoaji yatakayofanyika Dodoma mjini. Mratibu alikuja kwenye kikao chetu, akajaza Google Forms kwa simu yake kama mfano, akituma taarifa halisi za mwenyekiti wetu, kisha akabonyeza `Edit your response` ili kurekebisha jina la kijiji. Baada ya hapo alinakili anwani iliyokuwa juu ya ukurasa huo na kuiweka kwenye kundi letu la WhatsApp, akatuagiza kila mmoja ajiandikishe kabla ya Ijumaa.

Nilipofungua kiungo hicho, fomu ilikuwa imekwisha kujazwa: jina la jirani yangu, namba yake ya simu na namba ya kitambulisho chake cha Taifa. Nilimpigia mratibu kumweleza, naye akanijibu kwamba nifute yaliyomo, niandike ya kwangu na kutuma. Ndivyo wenzangu wote walivyofanya. Jumatatu orodha ilipotoka, vijiji vingine vilikuwa na majina mengi, sisi tulikuwa na jina moja tu, la mama aliyejaza usiku wa mwisho. Tumeambiwa kwamba watu wa Hombolo hatukuonyesha nia na nafasi zetu zimegawiwa kwingine!

Zaidi ya watu thelathini walijaza. Ninataka kujua majibu yetu yamekwenda wapi, na kwa nini kitambulisho cha mtu kionekane kwa kila mwenye kiungo.

Karani wa Takwimu
Pole sana, ndugu. Mliyopewa haikuwa fomu tupu. Kilikuwa kiungo cha kuhariri jibu moja, lile la mwenyekiti. Tazama anwani yenyewe: ukiona `edit2=` baada ya `viewform`, hicho ni kiungo cha kuhariri, na fomu isiyodai kuingia kwa akaunti humruhusu yeyote aliye nacho kubadilisha jibu hilo. Kila aliyetuma aliandika juu ya aliyemtangulia, katika mstari uleule wa jedwali. Mngekata kila kitu kinachofuata `viewform`, fomu tupu ingefunguka.

Ushahidi unaweza kuwa bado upo. Jibu linapohaririwa, seli iliyobadilika kwenye jedwali lililounganishwa na fomu huwekewa maelezo haya: `Responder updated this value.` Mwombeni mratibu aguse seli za mstari wenu. Maelezo hayo yakiwepo, hawezi tena kusema kwamba hamkujaza.

Mwalimu wa Chamwino
Suluhisho ni rahisi, wangewasha `Limit to 1 response` na haya yote yasingetokea.

Karani wa Takwimu
Mwalimu, mpangilio huo huzuia mtu kutuma mara mbili, na humlazimisha kila anayejaza kuingia kwa akaunti ya Google. Mkulima anayeazima simu ya mwanawe angekwama mlangoni. Lililopaswa kufanywa ni kuzima `Allow response editing`, au walau kusambaza kiungo cha kujaza kinachonakiliwa kwenye ukurasa wa kuandalia fomu, si anwani ya ukurasa ambao mratibu alikuwa akihariria jibu.

Dada wa Kondoa
Samahani, na mimi nina swali. Mtandao ulikatika nikatuma fomu ya usaili mara mbili, ya pili ndiyo yenye namba sahihi ya simu. Je, ya kwanza imefutika?

Karani wa Takwimu
Haijafutika, dada. Ikiwa zote mbili zilifika, kwenye jedwali kuna mistari miwili yenye jina lako, na mwenye fomu ndiye atakayeamua autumie upi. Mwandikie umweleze kwamba wa pili ndio sahihi.

Mkulima wa Hombolo
Nashukuru kwa ufafanuzi. Je, majina yaliyofunikwa yanaweza kurudishwa?

Karani wa Takwimu
Ndani ya fomu hapana, hubaki jibu la mwisho tu. Ikiwa jedwali liliunganishwa tangu mwanzo, mratibu afungue `Version history` atafute hali za nyuma. Huenda akapata baadhi ya majina, lakini siwezi kukuahidi kwamba yatapatikana yote. Likiwa limeunganishwa baada ya Ijumaa, hakuna cha kurudisha.

Mkulima wa Hombolo
Nimempelekea mratibu maelezo haya. Amejibu kwamba orodha imefungwa. Kiungo nimekijaribu sasa hivi, bado kinafunguka na kitambulisho cha yule mama kinaonekana chote. Tunadai azime uhariri leo hii, afungue jedwali mbele ya viongozi wetu, na aturudishie nafasi zetu kabla mafunzo hayajaanza.