Stori ya mwanzilishi kwenye lebo ya odii, mbona inasikika kama ya mtu mwingine?

MamaOdii_Gulu:
Jamani habari zenu. Natengeneza odii hapa Gulu, ile siagi ya karanga na simsim. Nimemlipa dizaina lebo mpya na ukurasa wa fesibuku, akaniandikia: "Kutoka mikono ya bibi hadi meza yako, safari ya upendo na mapishi ya kale." Na picha nimevaa gomesi nimepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Sasa ukweli ni kwamba mimi nilikuwa mwalimu shule ya praiveti, shule zikafungwa Machi 2020 mshahara ukakatika, ndo nikaanza hii kazi, na jiwe sijawahi kusagia, napeleka kwa mashine sokoni. Bibi alisaga kweli lakini hakunifundisha. Dada yangu ameona akacheka. Niandikeje?

Boda_wa_Layibi:
Weka tu alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS, mama, mteja anataka hiyo, stori hakuna anayesoma.

MamaOdii_Gulu:
Asante ndugu, hiyo nafuatilia, ila hapa nauliza maneno ya stori.

Nakato_Kawempe:
Andika shida ulizopitia, njaa, kodi ya nyumba, watoto. Watu wakiguswa wananunua. Shule zetu Uganda zilifungwa mpaka Januari 2022, nani hakumbuki?

Mzee_wa_Lebo:
Nakato yuko sahihi kwamba shida ndo chanzo, lakini shida peke yake haimwambii mtu kitu kuhusu odii iliyo mkononi mwake, anakuhurumia, ananunua chupa 1 basi. Mwalimu, nimeandika lebo za kahawa na asali miaka mingi, kwanza nafanya hivi: nachukua sentensi naweka jina la biashara nyingine. "Safari ya upendo" ukiiweka kwenye sabuni inakaa vizuri tu, basi hiyo inafutwa. Kinachobaki ni kile ambacho ni chako peke yako, na kikubwa zaidi ni kosa ulilofanya mwanzoni likabadilisha namna unavyofanya kazi mpaka leo. Kwa hiyo niambie siku ya kwanza ilikuwaje, ulikaanga kilo ngapi, nani alinunua, nini kiliharibika?

MamaOdii_Gulu:
Kilo 2. Nilisaga na blenda ya jirani, ikaungua, nikailipa kwa miezi 3. Chupa 6 walinunua walimu wenzangu, na 2 kati yao wakasema ni chungu maana niliacha karanga kwenye moto zikazidi. Tangu hapo nakaanga kidogo kidogo, na nachagua kwa mkono, natupa zile zilizonyauka au zilizooza.

Mzee_wa_Lebo:
Hapo sasa! Uchungu ule ndo sababu ya kukaanga kidogo kidogo, na mteja akionja anaihakiki stori kwa ulimi wake. Lebo ina nafasi ya maneno 40 hivi, mambo ya blenda na deni peleka kwenye ukurasa. Ila kuchagua karanga usije ukaandika "haina sumukuvu", hiyo inasemwa na maabara, jicho halioni yote. Picha piga siku ya kazi, hapo sokoni kwenye mashine, na nguo ulizovaa. Halafu wasomee wale walimu wawili kwa sauti, wakisema "hapana, haikuwa hivyo" rekebisha. Na usilotaka kusema, liache, usiweke lingine mahali pake.

AsaliKitgum:
Mimi niliandika "tangu 1998" maana baba alifuga nyuki mwaka huo, kumbe biashara nimeanza 2017. Mnunuzi mmoja wa duka kubwa akaniomba karatasi za usajili, akaona mwaka, akaanza kuuliza hata mizinga ni ya nani. Nilibandika lebo mpya juu ya zile chupa zote, siku 2 nzima.

Nakato_Kawempe:
Lakini bibi je? Si ni mila ya Acholi kweli?

MamaOdii_Gulu:
Nimejaribu hii:
"Nilikuwa mwalimu Gulu. Shule zilipofungwa 2020 nikakaanga karanga kilo 2, zikaungua, odii ikawa chungu. Sasa nakaanga kidogo kidogo, nachagua kwa mkono, tunasaga sokoni. Bibi alisaga kwa jiwe, mimi kwa mashine. Mafuta yakipanda juu, koroga."

Nakato_Kawempe:
Nzuri, ila neno "chungu" kwenye chupa ya chakula dada, mtu akisoma haraka dukani atadhani ni hii hii ya ndani.

Mzee_wa_Lebo:
Mimi ningeliacha, bila hilo neno, hiyo "kidogo kidogo" haina mzizi. Lakini hofu yako naielewa.

MamaOdii_Gulu:
Nitachapa lebo 50 zenye "chungu" na 50 zenye "ziliungua" tu, niziweke duka moja. Dada yangu nimemsomea, hakucheka, ameniuliza kwa nini sikutaja kwamba chupa zile 6 alizibeba yeye.