Malalamiko: Wakulima wa Rungwe wameuziwa modeli yenye "SAWA" iliyochapwa kwa mkono

Mhasibu_Tukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na leo naziweka hadharani.

Kikundi cha wakulima wa parachichi huku Rungwe kinataka mkopo wa kujenga ghala la kupangia na kufungashia. Kilimlipa mshauri mmoja kutoka mjini awatengenezee modeli ya fedha ya miaka 5 kwenye Excel. Katibu wao akaipeleka benki. Afisa mikopo akamwambia, "Mama, riba weka 19%, siyo 17%, tuone marejesho yanakuwaje." Katibu akabadilisha ile seli ya riba. Hakuna namba iliyosogea. Faida ileile, fedha ileile. Mama wa watu akaonekana ni yeye asiyejua kompyuta, ndipo akaniletea faili.

Kila kitu kimerundikwa kwenye shiti moja. Seli ya riba iliyoko juu ni pambo, hakuna fomula inayoisoma. Kwenye mstari wa riba, mwaka wa 1 hadi wa 3 imeandikwa hivi:

```
=F30*0.17
```

Mwaka wa 4 na wa 5 hakuna hata fomula, ni namba zimechapwa. Mkopo ni milioni 400, unalipwa milioni 80 kila mwisho wa mwaka, riba inatozwa kwenye salio la mwanzo wa mwaka. Kwa 17% riba ya miaka yote 5 ni milioni 204. Kwa 19% ni milioni 228. Hizo milioni 24 zilikuwa ziwakute wakulima njiani, wakati modeli inawaambia mambo ni shwari.

Kilichonichoma zaidi ni chini kabisa ya shiti. Kuna seli ya kijani imeandikwa "Mizania: SAWA". Nikaibofya nione fomula. Hamna fomula! Neno limechapwa kwa mkono. Na mizania yenyewe inalingana kwa sababu mstari wa fedha taslimu umepatikana kwa kuchukua jumla ya madeni na mtaji, kisha kutoa mali nyingine. Ukifanya hivyo pande mbili zitalingana hata ukifuta nusu ya modeli.

Sasa nimeivunja na kuipanga upya kwa shiti nne. Makisio: namba zote za kuchapwa ziko humo tu, kwa maandishi ya bluu, kila moja na kipimo chake na ilikotoka. Hesabu: fomula tupu, fomula moja kwa mstari mzima kuanzia mwaka wa 1 hadi wa 5. Matokeo: kinachosomwa na benki, hakuna kinachokokotolewa humo. Ya nne ni Ukaguzi. Riba sasa ni:

```
=F30*Makisio!$C$14
```

Fedha taslimu inatoka kwenye mtiririko wa fedha, ndipo mizania inapimwa:

```
=IF(ABS(Hesabu!D20-Hesabu!D38)<1,0,1)
```

Sifuri maana yake imepita. Nimeruhusu tofauti isiyofika shilingi moja kwa sababu Excel hubakiza vipande vidogo vya desimali. Majibu yote yanajumlishwa kwenye seli moja, na seli hiyo inaonekana juu ya kila shiti.

Nilipoweka ukaguzi wa mgawanyo wa mazao nikakuta kingine. Asilimia 72 inauzwa nje, 20 soko la ndani, 10 inaoza. Jumla 102! Kwenye tani 600 wanazonunua, hizo ni tani 12 ambazo hazikutoka shambani kwa mtu yeyote. Mtu anawezaje kulipwa kwa kazi hii?

Kijana_wa_Mwanjelwa

Pole mkuu. Kuhusu ile 102% usihangaike na ukaguzi, fanya tu kuoza kuwe 1 kutoa zile mbili, haitazidi kamwe. Halafu fomula zote zifunge na IFERROR irudishe 0, alama za kosa kama #REF! zinatia aibu mbele ya benki.

Mhasibu_Tukuyu

IFERROR hapana, kaka. Kwenye shiti ya Ukaguzi 0 ndiyo "imepita". Ukaguzi ukivunjika, IFERROR yako inauandikia umefaulu. Acha #REF! ionekane ili mtu aitafute ilikotoka.

Mama_Kahawa_Mbozi

Samahani kuingilia. Sisi AMCOS yetu ya kahawa tuna bajeti ya mwaka mmoja tu, mistari kama thelathini. Na sisi tuhitaji shiti nne? Na huko Rungwe parachichi msimu huu wananunua kilo shilingi ngapi?

Mkaguzi_Njombe

Kamwene wote. Dada wa Mbozi, kwa mistari thelathini shiti moja inatosha, mradi namba za kuchapwa zikae juu peke yake na hesabu zianze chini yake. Bei sijui.

Mwanzisha uzi, hasira zako ni za haki, ila kuna jambo usiliache. Ukaguzi wa mizania usingekamata ile 0.17 hata kama ungekuwa wa kweli. Riba ikipungua kimakosa, faida inapanda na fedha inapanda kwa kiasi kilekile, pande mbili zinabaki sawa. Namba iliyozikwa ndani ya fomula inakamatwa kwa kuitikisa. Weka riba 0 kwenye Makisio, mstari mzima wa riba lazima uwe 0. Weka tani 0, mauzo lazima yawe 0. Kinachobaki ndicho kilichochapwa. Kisha chagua eneo la Hesabu, bonyeza Ctrl+G, Special, Constants: Excel itakuonyesha kila seli iliyochapwa namba mahali pa fomula. Ukichagua mstari mmoja na kubonyeza Ctrl+\ itakuonyesha seli ambayo fomula yake imepishana na wenzake.

Kuhusu kuoza, mimi naelekea kwa yule kijana. Anayejaza asilimia mbili tu ana nafasi ndogo ya kukosea.

Mhasibu_Tukuyu

Hapo sikubaliani, mkuu. Mtu akijaza 85 na 20, kuoza kunakuwa hasi 5 na modeli inaendelea kimya. Bado utahitaji ukaguzi.

Ila nisaidie hili. Baada ya kuunganisha fedha taslimu na mtiririko, mwaka wa 1 mizania inalingana. Mwaka wa 2 mali zinazidi kwa milioni 36, na inabaki 36 hiyohiyo hadi mwaka wa 5.

Mkaguzi_Njombe

Tofauti isiyokua ni tukio la mara moja, na limetokea mwaka wa 2. Ingekuwa gharama ya kila mwaka iliyosahaulika, tofauti ingeongezeka mwaka hadi mwaka. Tafuta kitu cha milioni 36. Ukikikosa tafuta cha 18, kwa sababu alama ya kujumlisha ikikaa mahali pa kutoa, tofauti huwa mara mbili ya kitu chenyewe.

Mhasibu_Tukuyu

Nimeipata. Mashine ya kupanga matunda kwa ukubwa, milioni 36, imeongezwa kwenye mali za kudumu mwaka wa 2, lakini hakuna mahali fedha ya kuinunua inapotoka. Wakulima waliandikiwa mashine ya bure!

Nimeingiza malipo yake, ukaguzi wa mizania unasoma 0 miaka yote. Ila fedha ya mwisho wa mwaka wa 2 sasa imeshuka hadi hasi milioni 11. Huyo mshauri alikuwa ameificha chini ya ule mstari wa fedha taslimu wa kulazimisha mizania ilingane.

Mkaguzi_Njombe

Na bei za kuuza umezipima? Ukaguzi wote ukisoma 0 haukwambii kama bei ya nje aliyoiweka inalipwa kweli.

Mhasibu_Tukuyu

Bado. Bei ni za kwake na hazina chanzo, nimeziwekea rangi nyekundu kwenye Makisio hadi wanunuzi wenyewe watupe barua. Jumatatu katibu anarudi benki na milioni 11 hizo zikiwa wazi mezani. Kama mashine isogezwe mwaka wa 3 au wanachama wachange, hilo wanaamua kwenye mkutano wao.