Mjadala: Miaka 12 shambani kwa mtu, ndiyo pawe pako?

Mjukuu wa Kilifi: Babu alimkaribisha jamaa shambani mwaka 2011, alime huku akituangalizia minazi. Kila mwaka akileta gunia la nazi. Babu akafariki 2016, nazi zikakoma. Sasa jamaa amejenga nyumba ya mawe na anasema miaka 12 imepita, shamba ni lake. Hati ina jina la babu mpaka leo. Hii ni sheria, au ni wizi uliovaa joho?

Fundi Saadi: Ni sheria, ndugu. Kenya ukikaa miaka 12 bila bugudha, pako. Hata ardhi ya serikali.

Bi Zena: Ekari ngapi hizo za gunia moja la nazi kwa mwaka? Mlikuwa mnamnyonya masikini wa watu, leo mnalia.

Mjukuu wa Kilifi: Ekari 6, na hakuna aliyemnyonya. Mahindi na mihogo alikuwa akivuna mwenyewe. Usimseme babu yangu vibaya, hukumjua.

Bi Zena: Sikumsema babu, nimesema gunia. Minazi ya ekari 6 haitoi gunia moja. Mengine yalikwenda wapi?

Fundi Saadi: Mengine yaligemwa 😂

Mjukuu wa Kilifi: Nimekuja kuuliza ardhi, naulizwa tembo.

Karani Mstaafu: Mnazicheka nazi, na nazi ndizo kesi yenyewe. Anayedai kwa miaka 12 lazima awe amekaa waziwazi, bila nguvu, na bila ruhusa ya mwenyewe. Huyu aliingia kwa kukaribishwa. Kila gunia alilolishusha mlangoni lilikuwa likisema "shamba ni lenu, mimi nipo kwa hisani yenu." Basi 2011 hadi 2016 haihesabiki. Na Saadi, ardhi ya umma haipatikani hivyo hata ukikaa miaka 50. Usimponze mtu akajenge kando ya barabara.

Fundi Saadi: Haya, hiyo nimekosea. Lakini babu akishafariki, ruhusa si imekwenda naye kaburini?

Karani Mstaafu: Hapo umeuliza la maana. Wakili wake atasema hivyo hivyo: kibali kilikufa na aliyekitoa, saa ikaanza 2016. Wenu atasema familia ilimwacha aendelee kwa makubaliano yale yale. Sitawaamulia. Ila hata akishinda hoja hiyo, 2016 jumlisha 12 ni 2028. Hajafika.

Omari Mtwapa: Mimi yalinikuta. Kiwanja nilikinunua, nikakuta mtu ndani. Nikamwandikia barua ya wakili, ya pili, ya tatu, na chifu akatuita. Nikaona nimeshamzuia. Mahakamani nikaambiwa barua hazisimamishi kitu, na miaka aliyokaa chini ya aliyeniuzia inahesabika pamoja na yangu. Nikapoteza.

Bi Zena: Ulinunua bila kwenda kutazama?

Omari Mtwapa: Nilikuwa Maskati, mama. Nilitazama picha.

Bi Zena: Ndiyo nyie! Mnashika hati Maskati, mtu anafyeka miaka 20, mnarudi na barua. Anayelima ndiye mwenye shamba.

Omari Mtwapa: Ningekaa tu ningelinunua na nini? Pesa ya kazi yangu ile.

Mjukuu wa Kilifi: Tuache Maskati. Katiba inalinda mali. Sheria hii ifutwe.

Karani Mstaafu: Ilijaribiwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa, Malindi, ilisema haigongani na Katiba. Wewe hangaika na saa yako. Kinachoisimamisha ni kufungua kesi, au kuingia na kulishika shamba kweli kweli. Kwenda kupiga kelele getini si kuingia. Na usimbomolee nyumba, utageuka mshtakiwa. Kwanza, nani ana barua za usimamizi wa mirathi?

Mjukuu wa Kilifi: Hakuna. Ami zangu hawaelewani tangu matanga.

Karani Mstaafu: Basi leo hakuna wa kushtaki kwa niaba ya babu, na 2028 haiwasubiri ami zako wapatane. Anzeni hapo. Halafu pelekeni mpimaji mjue nyumba na shamba lake vimechukua sehemu gani. Mwenye kudai lazima aonyeshe kipande chenye mipaka, wengi huanguka hapo. Na shahidi wa zile nazi mnaye?

Mjukuu wa Kilifi: Bibi yupo, na ndiye aliyekuwa akizipokea. Kila gunia alikuwa akipiga mstari wa mkaa kwenye ukuta wa ghala.

Bi Zena: Haya, hapo nimewakubali. Upige picha ukuta huo leo leo.

Mjukuu wa Kilifi: Tuliupaka chokaa Idi iliyopita.