Nimeomba nielezwe picha ya mkopo, nikaulizwa kama nataka hela au somo la hesabu

FundiSare (mwanzisha uzi)

Wakuu, ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Wale jamaa wa mikopo ya mtandaoni mnawajua wote, wale ambao tangazo lao linakufuata kila ukifungua simu mpaka unaogopa kuwasha tochi usije ukamkuta yule dada anacheka na burungutu la noti. Sitawataja, hawana haja ya kutajwa.

Shule zinakaribia kufunguliwa na nina oda ya sare, hivyo nilihitaji shilingi 200,000 za kitambaa. Kabla ya kubonyeza "Kubali" nilipiga picha ya skrini, nikampigia mtu wao wa huduma kwa wateja anieleze kila mstari. Picha inasema hivi: Kiasi cha mkopo 200,000. Riba 3.5%. Ada ya huduma 24,000. Ada ya tathmini 16,000. Utapokea 160,000. Marejesho ni mara nne, kila baada ya siku 7, shilingi 51,750 kila mara.

Nikamuuliza kwa heshima zote: ikiwa riba ni asilimia tatu na nusu, imekuwaje nipokee 160,000 na nirejeshe 207,000 ndani ya siku 28? Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu, "Dada, wewe unataka hela au unataka somo la hesabu?" Nyuma yake nikasikia mtu anacheka. Unataka hela au unataka somo la hesabu! Mimi ninayepima viuno vya watoto wa shule nzima na kukata kitambaa bila kupoteza hata sentimita moja, ninaulizwa kama nataka somo la hesabu!

Sijakubali mkopo huo. Ninachotaka ni mtu anieleze hiyo picha, na huyo kijana popote alipo asome uzi huu.

Mwanakijiji_Halisi

Dada, pole, lakini alikuuliza swali la msingi. Hela ulikuwa unaitaka au huitaki?

AfisaMstaafu

Ndugu FundiSare, nimefanya kazi ya mikopo midogo kwa miaka mingi, na picha yako inaeleza mengi ukiisoma kuanzia chini kwenda juu. Acha kwanza ule mstari wa riba. Fuata fedha yao iliyo mkononi mwako. Siku ya kwanza unayo 160,000. Ukilipa rejesho la kwanza inabaki 108,250, la pili inabaki 56,500, na la tatu inabaki 4,750. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa wiki ya tatu umekwisha kuwarudishia karibu kila senti waliyokupa, na bado unadaiwa rejesho la nne la 51,750. Humo ndani 47,000 nzima ni gharama ya mkopo, na katika hizo riba ni 7,000 tu. Zilizobaki 40,000 ni ada.

Hata hiyo 7,000 itazame vizuri. Ni asilimia 3.5 ya 200,000 ambazo hukuzishika, tena imepigwa kana kwamba ulikaa na deni lote mwezi mzima, ilhali unalipunguza kila wiki. Kama wangepiga riba juu ya salio linalopungua, hata tukianzia kwenye hizo 200,000 zao, ingekuwa kama 4,375. Hata hivyo tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na ada.

SheriaNiMsumeno

Hapo hakuna kesi. Kikomo cha riba kwa taasisi za daraja la pili, yaani wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kama hao, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na wao wameandika 3.5. Wako ndani ya sheria.

AfisaMstaafu

Kikomo hicho ni kweli kipo. Lakini mkopeshaji anayeshusha riba mpaka kwenye kikomo kisha akapandisha ada mpaka robo ya fedha unayopokea, amebadilisha jina la gharama, hajaipunguza. Je, ada hizo zinahesabiwa kama riba mbele ya Benki Kuu? Mimi na wenzangu tumelibishania hilo mara nyingi na hatujawahi kukubaliana.

SheriaNiMsumeno

Kwa hiyo unakiri kwamba nilichosema ni sahihi.

BintiUsukumani

Samahani wakuu, hiyo aplikesheni inayotoa laki mbili inapatikana wapi? Mimi ya kwangu inanipa elfu thelathini tu.

FundiSare

Dada yangu, umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari tu? AfisaMstaafu, Mungu akubariki, umenieleza kwa aya mbili kile ambacho yule kijana alishindwa kunieleza kwa simu nzima. Sasa nikilipa zote mapema, tuseme wiki ya pili, si nitaokoa kitu?

AfisaMstaafu

Ada imekatwa siku ya kwanza, hivyo hairudi. Ukilipa mapema umetumia fedha hiyo kwa muda mfupi zaidi kwa gharama karibu ileile. Swali jingine: picha yako imeishia kwenye marejesho. Ukishusha ukurasa, chini kuna nini? Huko ndiko huwa wanaweka adhabu ya kuchelewa.

FundiSare

Nimerudi kushusha ukurasa. Kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa: "Adhabu 2% kwa siku ya rejesho lililochelewa." Yaani 1,035 kila siku kwa rejesho moja! Na huyo ndiye aliyeniuliza kama nataka somo la hesabu!

AfisaMstaafu

Piga picha ya sehemu hiyo pia, tarehe na saa zionekane. Ukishabonyeza "Kubali", aplikesheni nyingi huondoa ukurasa huo na kukuachia ujumbe wa tarehe ya kulipa peke yake, na siku ya mgogoro unakosa cha kuonyesha.

MzeeWaKigogo

Nyinyi mnalia na ada. Mimi nilichelewa siku mbili, wakawatumia ujumbe mama mkwe, bosi wangu na fundi bomba ambaye namba yake niliihifadhi miaka mitano iliyopita, kwamba mimi ni tapeli. Mama mkwe mpaka leo ananipa chai bila sukari.

Kibopa77

Mzee, uliporuhusu aplikesheni isome namba za simu yako ulidhani inataka kukutakia sikukuu njema? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Angalieni kama hao wenu wana leseni kabla ya kuangalia riba.

MzeeWaKigogo

Orodha nimeiona. Wakwangu hawamo, na bado walimpigia mama mkwe.

FundiSare

Jamani, turudi kwenye swali aliloniuliza yule kijana…

MamaKikoba

Rudini kwenye vikoba, mtaachana na hizi presha. Kwetu riba tunagawana wenyewe.

Mwanakijiji_Halisi

Kikoba gani, dada? Chetu mweka hazina amekaa na daftari miezi mitatu, ukiliomba anasema limelowana na mvua.

BintiUsukumani

Na faini za kuchelewa kikao je? Mimi nimelipa faini nyingi kuliko hisa zangu.

MamaKikoba

Hicho si kikoba. Katiba yenu inasemaje kuhusu mweka hazina kukaa na daftari nyumbani?

Mwanakijiji_Halisi

Katiba yenyewe anayo yeye.